Kikomo Kimoja kwa Watu Wanne: Niliyojifunza Mume Wangu Alipougua Saratani

Kwa miaka minne tulikuwa na bima ya afya ya familia yenye kikomo cha pamoja, yaani mkataba mmoja unaowahudumia watu wote wa nyumba moja kutoka kwenye fungu moja la fedha, na katika miaka hiyo yote hatukuwasilisha dai hata moja. Mwaka wa tano mume wangu akaugua saratani ya tezi za limfu. Ninayoyaandika hapa ni hesabu ya mwaka huo na ya mwaka uliofuata, kwa sababu wakati ule nilikuwa nikitafuta mtu wa kunieleza jinsi fungu la pamoja linavyotumika hasa pale mgonjwa anapokuwa mmoja na wengine wazima, na sikumpata.

Sitataja fedha, maana kiasi hutofautiana kwa kila msomaji. Nitatumia sehemu. Kikomo chetu cha msingi kilikuwa sehemu 80, na kwa kila mwaka tuliopita bila kudai kampuni ilituongezea bonasi ya sehemu 5, hivyo tulipoingia mwaka wa tano tulikuwa na sehemu 100 kamili za kugawana watu wanne: mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Siku tuliponunua bima hiyo, wakala alituonyesha njia ya pili, ambayo ilikuwa kila mtu awe na mkataba wake wenye kikomo cha sehemu 40, kwa ada iliyozidi kidogo ile ya mkataba wa pamoja. Tulichagua kikomo cha pamoja kwa sababu ilikuwa nafuu, na nakiri kwamba hatukuuliza swali lolote zaidi ya bei.

Uvimbe shingoni mwa mume wangu ulionekana katika mwezi wa pili wa mwaka wa bima. Kipimo cha kinyama kilichotolewa kwenye tezi, picha za mwili mzima na vipimo vya damu vilitumia sehemu 12. Matibabu aliyopangiwa yalikuwa mizunguko 6 ya tibakemikali, mmoja kila baada ya siku 21, na kila mzunguko uligharimu sehemu 11. Baada ya mzunguko wa pili chembe zake nyeupe za damu zilishuka mno, akapata homa usiku, akalazwa kwa siku tisa akipewa dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa. Homa hiyo peke yake ilikula sehemu 14. Wanaotibiwa kwa tibakemikali huambiwa mapema kwamba homa ya namna hiyo ni dharura na haisubiri asubuhi. Sisi tuliambiwa, lakini katika hesabu zangu za bima sikuitengea chochote, kwa sababu nilizidisha 11 kwa 6 nikadhani nimemaliza. Picha ya mwisho ya kuthibitisha kwamba ugonjwa umetoweka ilichukua sehemu 6 nyingine. Tukafika mwezi wa nane tukiwa tumetumia sehemu 98, mume wangu akiwa mzima, na familia nzima ikiwa imebakiwa na sehemu 2 za kuifikisha mwisho wa mwaka.

Katika miezi hiyo nilikuwa na kinyongo na mkataba ule. Kila nilipoona salio likishuka niliwatazama watoto na kujiambia kwamba tungenunua mikataba ya mtu mmoja mmoja, wao wangekuwa bado na fungu lao halijaguswa. Kwa upande wa watoto nilikuwa sahihi. Lakini siku moja nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya upande wa pili, nikaona nimekosea kwa kiasi kikubwa kuhusu mgonjwa mwenyewe. Kwa mkataba wake binafsi wenye sehemu 40, vipimo vingechukua 12, mizunguko miwili 22, na zile sehemu 6 zilizobaki zingeishia katikati ya homa ile. Mizunguko minne, sehemu ya gharama za homa na picha ya mwisho, jumla yake sehemu 58, zingetoka mfukoni mwetu, ilhali sehemu 120 za sisi wengine watatu zingekaa pale pale tukizitazama bila ruhusa ya kuzigusa. Huo ndio uzuri wa kikomo cha pamoja ambao wasemaji wengi wa upande wa pili huuruka: mtu mmoja anapougua sana, fedha za wazima humfuata. Katika mwaka wa ugonjwa wenyewe, kwetu sisi, mkataba wa pamoja ulikuwa bora kwa mbali.

Udhaifu wake ulijitokeza mwezi wa kumi, na ulijitokeza kwa mtoto. Mdogo wetu aliamka na maumivu ya tumbo upande wa kulia, na kufikia jioni ikawa lazima afanyiwe upasuaji wa kidole tumbo. Hospitali iliomba idhini ya awali kutoka kwa kampuni ya bima, na jibu likarudi kwamba kiasi kilichoidhinishwa ni sehemu 2. Gharama yote ilikuwa sehemu 15. Tulilipa 13 kwa akiba na kwa kukopa kwa ndugu, na sitasahau jinsi mume wangu, ambaye nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuota tena, alivyoomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekula chakula cha mtoto.

Nilikumbuka wakati huo kwamba mkataba wetu ulikuwa na fao la kurejesha kikomo. Wakala alikuwa amelisifu sana siku ya kununua, akisema kwamba hata fedha zikiisha kampuni hujaza upya. Nikampigia simu afisa wa madai nikiwa na uhakika kwamba wamesahau kulitumia. Alinisomea kifungu taratibu, na masharti yake yalikuwa haya: kikomo cha msingi, yaani sehemu 80, hurejeshwa mara moja kwa mwaka, hurejeshwa pale tu kikomo na bonasi vinapokuwa vimekwisha kabisa, dai lenyewe linalokimaliza kikomo halinufaiki na kiasi kilichorejeshwa, na kiasi hicho hakiwezi kutumika kwa ugonjwa uleule uliokwisha kudaiwa mwaka huo. Sisi tulikuwa na sehemu 2 zilizobaki, kwa hiyo kikomo hakikuwa kimekwisha, na upasuaji wa mtoto ndio uliokimaliza. Kuanzia dai lililofuata, akasema, tungekuwa na sehemu 80 mpya kwa ugonjwa mwingine wowote usiokuwa saratani ile. Sehemu hizo 80 zilikaa kwa miezi miwili bila kuguswa na mtu, kisha mwaka ukaisha.

Jambo lililoniuma zaidi niligundua wiki mbili baadaye nilipofungua droo. Mkataba ulilipa pia dawa na vipimo vilivyofanyika ndani ya siku 60 baada ya mgonjwa kutoka hospitali, na nilikuwa na bahasha ya risiti za namna hiyo za mume wangu zenye thamani ya sehemu 4, ambazo sikuziwasilisha kwa kuwa nilichoka na kwa kuwa nilijiambia kwamba zimebaki sehemu 2 tu, afadhali tuziweke kwa dharura. Hesabu ilikuwa kinyume chake. Laiti ningeziwasilisha mwezi wa tisa, zile sehemu 2 zingelipwa, kikomo kingefika sifuri, fao la kurejesha kikomo lingefunguka, na upasuaji wa mtoto ungelipwa wote kwa kuwa ulikuwa ugonjwa mwingine wa mtu mwingine. Kubana salio dogo kulitugharimu sehemu 13 za upasuaji na 2 za risiti zile, jumla sehemu 15. Ninawaomba walio na mkataba wa pamoja wenye mgonjwa mkubwa ndani yake wasome kifungu hicho kabla fedha hazijafika mwisho, kwa sababu maneno hutofautiana: kuna mikataba inayorejesha kikomo hata kikiwa kimepungua sehemu tu, kuna inayoruhusu dai lilelile kunufaika, na kuna isiyo na fao hilo kabisa. Ukikuta maneno kama ya kwetu, salio dogo linalobaki si akiba bali ni kizuizi, na ni heri likatumiwa mapema kwa dai halali ulilo nalo mkononi.

Kisha ukafika wakati wa kuhuisha bima, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba uamuzi mgumu kuliko ule wa kununua ulikuwa bado mbele yetu. Bonasi yetu ya miaka minne ilifutwa kwa wote, si kwa mgonjwa peke yake, kwa sababu ilikuwa bonasi ya mkataba. Tulirudi kwenye sehemu 80. Ada ilipanda, na kwa kuwa ada ya mkataba wetu ilipangwa kwa umri wa aliye mkubwa kuliko wote, sote tulikuwa tukipandishwa pamoja na miaka ya mume wangu. Zaidi ya hayo, daktari alikuwa ametueleza bila kuficha kwamba saratani ya aina yake ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kwamba matibabu ya awamu ya pili, ambayo huweza kufikia kupandikizwa chembe za uboho zilizovunwa kwa mgonjwa mwenyewe, ni mazito kuliko ya kwanza. Kwa sehemu 80 za pamoja, kurudi kwa ugonjwa kungetuacha wengine watatu bila kitu kwa mara ya pili.

Nikaamua tutengane, na nusura nitengane vibaya. Nilimwambia wakala amtoe mume wangu kwenye mkataba wa familia amfungulie wa peke yake wenye kikomo kikubwa. Ilionekana jambo la kawaida kabisa: mwenye mahitaji makubwa apewe fungu lake. Wakala aliandaa fomu, na sina hakika kama hakujua au hakujali. Siku niliyokwenda ofisini kuwasilisha barua ya kumwondoa, mama mmoja mtu mzima wa kitengo cha madai aliisoma, akaniuliza kama mkataba mpya umekwisha kukubaliwa. Nikasema bado. Akaisukuma barua kurudi upande wangu, akasema, "Mama, usimtoe mgonjwa. Tokeni nyinyi wazima, yeye mwacheni hapo hapo."

Maelezo yake yalikuwa mepesi, na tangu siku hiyo nimeyarudia kwa watu wengi. Mume wangu alikuwa na miaka mitano ndani ya mkataba ule. Vipindi vya kungoja, yaani muda wa mwanzo ambao bima hailipii magonjwa fulani, vyote alikuwa amevimaliza, na saratani ilimkuta akiwa ndani, kwa hiyo mkataba ule ulikuwa ukiihudumia bila swali. Akitoka na kuomba mkataba mpya, hata katika kampuni ileile, angekuwa mwombaji mpya mwenye saratani iliyotibiwa miezi michache nyuma. Kampuni ingeweza kumkataa moja kwa moja, au kumkubali huku ikiuweka ugonjwa ule nje ya mkataba, au kumngojesha miaka kabla ya kuulipia, na wakati huohuo nafasi yake ya zamani ingekuwa imekwisha kufungwa. Sisi watatu, tuliokuwa wazima, ndio tuliokuwa na uwezo wa kugonga mlango wowote tukafunguliwa. Aliye na uhuru wa kuhama ndiye anayepaswa kuhama.

Utekelezaji wake ulikuwa na vikwazo viwili ambavyo visingenijia akilini. Cha kwanza, mimi ndiye niliyekuwa mwenye mkataba, yaani jina langu ndilo lililoandikwa kama mwombaji, na mume na watoto waliandikwa kama wategemezi wangu. Mwenye mkataba akijiondoa, katika mkataba kama wetu, mkataba wote huweza kuhesabiwa kuwa umekoma, na mgonjwa angeanguka pamoja nao. Ilibidi niombe kwa maandishi, kabla ya tarehe ya kuhuisha, umiliki wa mkataba uhamishiwe kwa mume wangu huku tarehe yake ya kuanza ya miaka mitano iliyopita ikibaki vilevile. Nilidai barua ya kuthibitisha hilo. Ilipokuja mara ya kwanza tarehe ya kuanza ilikuwa imeandikwa ya mwaka mpya, nikairudisha, na ile ya pili ikawa sahihi. Anayepokea barua ya namna hiyo aangalie tarehe kabla ya kuangalia jina.

Cha pili kilikuwa pengo la wakati. Mkataba mpya wa sisi watatu ulikuwa na siku 30 za mwanzo ambazo haukulipia ugonjwa wowote isipokuwa ajali, na mkubwa wetu ana pumu, ambayo tuliitaja kwenye fomu na ikapewa kipindi chake cha kungoja cha miaka miwili. Wakala alipendekeza kwa upole kwamba pumu isiyomsumbua mtoto mara kwa mara haina haja ya kutajwa. Tuliitaja, maana nilikuwa nimeona mwaka ule jinsi kila dai kubwa linavyofunguliwa mafaili ya hospitali ya miaka ya nyuma, na sikutaka mkataba wetu uvunjwe kwa neno lililofichwa. Ili kuziba zile siku 30, tulinunua mkataba mpya mwezi mmoja na nusu kabla ya ule wa zamani kufika tarehe ya kuhuishwa, tukabaki ndani ya yote miwili kwa muda huo, ndipo tukajiondoa kwenye ule wa zamani. Ada ya mwezi huo na nusu ililipwa mara mbili, na kwangu mimi ilikuwa gharama iliyostahili.

Matokeo yake ni kwamba mume wangu sasa ana sehemu 80 zake peke yake, na sisi watatu tuna sehemu 80 nyingine tunazogawana. Jumla ya ada mbili ilizidi kidogo ada mpya ambayo tungelipa wote wanne kwa pamoja. Msomaji ataona kwamba hata baada ya yote hayo sikukimbilia mikataba ya mtu mmoja mmoja kwa kila mtu. Mimi na watoto tumebaki katika kikomo cha pamoja, kwa sababu kwa watu wenye umri mdogo na afya inayolingana uwezekano wa wawili kuugua sana mwaka mmoja ni mdogo, na ile faida ya fedha za wazima kumfuata mgonjwa niliiona kwa macho yangu. Kosa letu la awali, nikilitazama sasa, halikuwa kuchagua fungu la pamoja. Lilikuwa kuchagua fungu dogo, na kumweka ndani yake mtu aliyetuzidi sote umri bila kumwekea chochote cha pembeni.

Hicho cha pembeni ni bima ya nyongeza, inayoanza kulipa baada ya gharama kuvuka kizingiti fulani, na kwa sababu hiyo ada yake huwa ndogo ukilinganisha na kikomo chake. Kwa mume wangu tumechelewa, hakuna aliyekubali kumwandikisha. Kwa sisi watatu tumeichukua, na nilichokiangalia hapo ni jinsi kizingiti kinavyohesabiwa. Kuna aina mbili. Moja hupima kizingiti kwa kila dai peke yake, na nyingine hujumlisha madai yote ya mwaka. Chukua ugonjwa wa mume wangu kama mfano, na kizingiti cha sehemu 40. Hakuna bili hata moja iliyofika 40: kubwa kuliko zote ilikuwa ile homa ya sehemu 14. Bima ya aina ya kwanza isingetulipa chochote kwa mwaka mzima wa saratani. Ya aina ya pili ingeanza kulipa siku zile za homa, jumla ilipovuka 40, na ingeendelea mpaka picha ya mwisho. Magonjwa mazito mengi huja kwa bili nyingi za wastani zinazofuatana, kwa hiyo tofauti hiyo ya maneno machache ndiyo inayoamua kama bima ya nyongeza ina maana au haina.

Kwa sasa mume wangu hupimwa kila baada ya miezi mitatu, na majibu yamekuwa mazuri. Mwezi uliopita mkubwa wetu ameanza kuuliza itakuwaje akivuka umri wa kuhesabiwa mtegemezi, na pumu yake ina miezi minane zaidi kabla ya kipindi chake cha kungoja kwisha. Nimeandikia kampuni kuuliza kama miezi aliyokwisha kuitumikia itahesabiwa atakapofungua mkataba wake, na nimewaomba wanijibu kwa barua.